Dokezo la kipindi kutokana na kauli moja ya mgeni: maneno, kapsheni na maelekezo ya kusikiliza

Swali: Ninaandaa podikasti ya mahojiano kuhusu kazi za watu. Kipindi kijacho, cha dakika 40, ni cha fundi anayechimba visima kwa mkono. Alisema: "Watu wanadhani, unajua, sisi tunaogopa maji. Mimi nikiwa chini kule siogopi maji. Naogopa hewa. Maji unayaona, hewa huioni." Anaeleza pia anavyopima hewa kabla ya kushuka, na siku aliyokataa kushuka ingawa alikuwa amekwisha kulipwa, kisha analia akimkumbuka mwenzake. Niandikeje dokezo la chini ya dakika moja, kapsheni yake na maelekezo ya kusikiliza?

Jibu: Kauli uliyo nayo inatosha kubeba dokezo zima, lakini si yote. Ningeikata mwanzo na mwisho, nikabaki na maneno haya tu: "Mimi nikiwa chini kule siogopi maji. Naogopa hewa." Sentensi ya kwanza, inayohusu wanavyodhani watu, inamwandaa msikilizaji kwa jambo ambalo ingekuwa bora limkute hajajiandaa. Ukimwambia mapema kwamba watu hudhani mafundi huogopa maji, amekwisha kujua kwamba jibu ni kitu kingine, na anasubiri tu kutajiwa. Kukata sentensi hiyo hakubadilishi maana ya yanayofuata, kwa hiyo hapo hakuna tatizo la uaminifu.

Sentensi ya mwisho ni ngumu zaidi kuiacha, kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote. "Maji unayaona, hewa huioni" ina mizani ya methali, na naamini ndiyo iliyokugusa kwanza. Hata hivyo ndiyo inayojibu swali ambalo kauli imeliamsha. Msikilizaji akisikia kwamba fundi anaogopa hewa, papo hapo anajiuliza kwa nini hewa. Akielezwa mara moja kwamba ni kwa sababu haionekani, swali linatulia, na mtu aliyetulia hana sababu ya kutafuta kipindi. Sentensi hiyo iache ndani ya mahojiano, mahali ambapo fundi mwenyewe aliisema, impate yule aliyekuja kusikiliza.

Kabla ya kuikata, sikiliza tena mahojiano yote, tangu mwanzo hadi mwisho, ukiwa na swali moja akilini: je, kuna mahali ambapo mgeni anasema kinyume chake? Mchimba visima anaweza kabisa kusema, nusu saa baadaye, kwamba wakati wa mvua kubwa kuta zinalainika, chemchemi inafumuka ghafla, na hapo maji huyaogopa sana. Ikiwa alisema hivyo, kauli yako bado ni ya kweli kwa siku za kawaida, ila dokezo litakuwa limemfanya mgeni aonekane mtu asiyejali hatari ambayo yeye anaiheshimu, na wachimbaji wenzake watakaolisikia watamhukumu kwa hilo. Dawa yake ni kuongeza neno la mtangazaji linaloweka mpaka, au kutafuta kauli nyingine. Wala usiunganishe nusu ya sentensi ya dakika ya 5 na nusu ya sentensi ya dakika ya 31 ili kupata kauli nadhifu zaidi, hata kama kila neno limetoka kinywani mwake, kwa kuwa utakuwa umeandika sentensi ambayo yeye hakuisema.

Kuna kasoro moja katika kauli yenyewe, nayo ni neno "kule". Wewe unajua kule ni wapi kwa sababu mmezungumza kwa muda mrefu, lakini asiyejua lolote hajui. Anaweza kudhani ni mgodini, au baharini. Fumbo hilo linavumilika kwa sekunde chache, na hata linasaidia, mradi sentensi ya kwanza ya mtangazaji ilifumbue. Likizidi hapo msikilizaji anaacha kusikiliza maneno na kuanza kubahatisha mazingira. Njia rahisi ya kupima ni kumsikilizisha kipande hicho mtu ambaye hajui kipindi kinahusu nini, kisha kumwuliza angependa kujua nini. Akisema "kwa nini hewa?" kauli imefanya kazi. Akisema "kwani anazungumzia nini?" basi imeshindwa kusimama peke yake, na itabidi mtangazaji atangulie kwa maneno machache kabla ya mgeni kusikika.

Kuhusu sehemu anayolia, ushauri wangu ni kwamba usiiweke. Ndani ya kipindi, msikilizaji anaifikia akiwa amekwisha kumfahamu fundi huyu, kazi yake na mwenzake aliyempoteza, hivyo machozi yale yana mahali pa kuangukia. Katika dokezo yatawafikia watu wanaopitisha kidole kwenye skrini, ambao hawamjui, na yatasimama kama chambo. Zaidi ya hayo, mtu aliyekubali kurekodiwa mazungumzo ya dakika 40 hakukubali moja kwa moja kwamba sekunde zake tano za majonzi zisambazwe peke yake. Hata kipande unachokitumia, mpelekee akisikie kabla ya kukitoa.

Vivyo hivyo na namna anavyopima hewa. Dokezo linaweza kusema kwamba kuna jambo analolifanya, lakini lisilionyeshe nusunusu. Ikiwa, kwa mfano, anazungumzia kushusha mshumaa, moto huo huzimika oksijeni inapopungua, lakini hauonyeshi monoksidi ya kaboni, ambayo huweza kujaa kisimani kutoka kwenye injini ya pampu. Mtu anayechimba kisima chake nyumbani akiona kipande cha sekunde tano cha mshumaa unaowaka anaweza kushuka akidhani amepima. Kipimo cha namna hiyo kina nafasi yake ndani ya kipindi tu, pamoja na mipaka yake.

Sasa maneno yenyewe. Kwa mwendo wa kawaida wa mtangazaji asiyekimbia, mimi huhesabu takriban maneno mawili kwa sekunde, kwa kuwa maneno ya Kiswahili mara nyingi ni marefu na hubeba viambishi vingi. Dokezo la sekunde 45 kwa hiyo lina nafasi ya maneno 80 hivi ukiondoa ukimya, na hesabu hiyo inakulazimisha kuchagua jambo moja au mawili tu ya kuahidi. Ningeandika hivi:

Mgeni, bila muziki wowote: "Mimi nikiwa chini kule siogopi maji. Naogopa hewa."

Ukimya wa sekunde moja.

Mtangazaji: "Huyu ni fundi anayechimba visima kwa mkono. Hushuka kwenye shimo lisilozidi sana upana wa mabega yake, akiwa na sururu, ndoo na kamba."

Muziki unaingia chini ya sauti.

Mtangazaji: "Katika kipindi kijacho anaeleza jambo analolifanya kila asubuhi kabla ya kushuka, na anasimulia siku aliyosimama ukingoni mwa kisima, akiwa amekwisha kulipwa, akakataa kuingia."

Mtangazaji: "Kipindi kinaitwa Hewa ya Chini. Kitatoka Jumatano, tarehe 14. Fungua programu unayosikilizia podikasti, tafuta (jina la podikasti yako), kisha bonyeza Fuata."

Hayo ni maneno 75 hivi, kwa hiyo ukimya na muziki wa mwisho vinaenea bila kumsukuma mtangazaji. Tarehe na jina la kipindi nimevitia kwa mfano, na maelezo kama upana wa shimo na vifaa yabaki tu ikiwa ndivyo mgeni alivyoeleza, vinginevyo weka ya kwake. Angalia kwamba mtangazaji harudii kauli. Waandishi wengi wa madokezo huandika "Anasema haogopi maji bali hewa" mara tu mgeni anapomaliza, wakidhani wanatilia mkazo, na matokeo yake ni kwamba sauti ya mtangazaji inaifuta ile ya mgeni. Mtangazaji pia haipambi kauli kwa kuiita ya kushangaza au ya kusisimua. Kazi yake ni kusema huyu ni nani, yuko wapi, na ni mambo gani mawili yatakayosikika ambayo hayawezi kusikika kwingine. Siku aliyokataa kushuka ni ahadi bora kuliko maneno ya jumla kama "changamoto za kazi yake", kwa sababu ni tukio, na msikilizaji anaweza kulidai akifungua kipindi. Hakikisha basi kwamba kweli limo, na si dakika ya 38 baada ya matangazo.

Kilichobaki katika sauti ni kidogo, ila sehemu moja inastahili uangalifu wako wote, nayo ni kituo kilichopo kati ya "siogopi maji" na "naogopa hewa". Bila shaka mgeni alitua hapo, hata kama ni kwa sekunde moja, na nguvu ya kauli imo katika kutua huko. Programu nyingi za kuhariri zina amri ya kufupisha ukimya kwenye rekodi nzima (katika Audacity inaitwa `Truncate Silence`), na ukiitumia kwenye kipande hiki sentensi mbili zitagandana na kuwa taarifa ya kawaida. Kata kipande kutoka kwenye rekodi halisi ya mgeni, si kutoka kwenye kipindi kilichokwisha kuchanganywa na muziki. Anza kukata kabla kidogo ya pumzi yake ya kwanza, umalize baada ya sauti ya mwisho kufifia kabisa, na uweke mfifio mfupi sana, milisekunde 10 hivi, kila upande ili usisikike mlio mfupi wa kukatika. Ukimya wa sekunde moja unaofuata usiwe utupu mtupu. Chukua sekunde moja ya sauti ya chumba mlichorekodia, pale ambapo hakuna anayezungumza, uiweke hapo, kwa sababu sikio hutambua mara moja mahali ambapo chumba kimetoweka.

Muziki uingie baada ya mtangazaji kumtambulisha mgeni, wala usitangulie. Muziki wa huzuni au wa hofu ukisikika chini ya kauli humwambia msikilizaji ahisi nini kabla hajaamua mwenyewe. Ukishaingia, ushushe desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti ya mtu, kisha usikilize dokezo kwa kipaza sauti cha simu, si kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa kuwa huko ndiko wengi watakakolisikia na ndiko muziki hufunika konsonanti. Kiwango cha jumla cha sauti kwa podikasti ambacho Apple hupendekeza ni karibu LUFS -16, na kilele kisichovuka desibeli -1. Lilinganishe dokezo na kiwango hicho peke yake, kwa sababu ukilikata kutoka kwenye kipindi bila kupima upya, kauli ya mgeni anayezungumza polepole hubaki chini na mtangazaji akamrukia.

Dokezo litakalokwenda kwenye mitandao ya kijamii litahitaji picha na maandishi ya maneno, kwa kuwa watu wengi hulikuta simu ikiwa kimya. Hapo kituo kile kinakuja tena kwa sura nyingine. Ukiyaacha maandishi yatengenezwe yenyewe, mara nyingi sentensi zote mbili hutokea kwenye skrini kwa wakati mmoja, na macho ya msomaji yanafika kwenye "Naogopa hewa" kabla mgeni hajatamka. Zitenganishe wewe mwenyewe kwenye faili ya SRT:

```
1
00:00:00,300 --> 00:00:03,100
Mimi nikiwa chini kule siogopi maji.

2
00:00:04,300 --> 00:00:05,900
Naogopa hewa.
```

Kati ya 3,100 na 4,300 skrini haina neno, na huo ndio ukimya wa mgeni ukionekana kwa macho. Milisekunde hizi ni za mfano, zako zisome kwenye wimbi la sauti. Kwa video ya wima ya 1080 × 1920, maandishi yaweke karibu na katikati, kwa sababu sehemu ya chini hufunikwa na jina la akaunti, kapsheni na vitufe vya mtandao wenyewe.

Nikija kwenye kapsheni, kanuni ninayoifuata ni kwamba isirudie yaliyomo kwenye video. Kauli imesikika na imeandikwa kwenye skrini, kwa hiyo kuiandika mara ya tatu ni kutumia mstari wa kwanza kwa kitu ambacho msomaji tayari anacho. Na mstari wa kwanza ni wa thamani. Instagram, kwa mfano, huruhusu kapsheni ya hadi herufi 2,200, lakini kwenye mpasho huonyesha takriban herufi 125 tu kabla ya kuikunja. Jambo la pili la kuahidi, yaani siku aliyokataa kushuka, ndilo ningeliweka mbele:

"Fundi huyu alikuwa amekwisha kulipwa. Akasimama ukingoni mwa kisima, akakataa kushuka.

Katika kipindi cha Hewa ya Chini anaeleza kilichomzuia siku hiyo, na jambo analolifanya kila asubuhi kabla ya kuingia kisimani. Dakika 40. Kitatoka Jumatano, tarehe 14, saa 12 asubuhi.

Kusikiliza: fungua Spotify au Apple Podcasts, tafuta (jina la podikasti yako), bonyeza Fuata, na kipindi kitakufikia kikitoka. Kama huna programu hizo, gusa kiungo kilicho kwenye wasifu wetu ukisikilize kwenye kivinjari. Ukitaka kukipakua, faili ina MB 19."

Mstari wa kwanza una herufi pungufu ya mia moja, hivyo utasomeka wote bila kukunjwa. Sikuumalizia kwa "Unajua kwa nini?" kwa sababu tukio lenyewe limekwisha kuuliza, na swali la kuongezea linamfanya msomaji ahisi anavutwa. Muda wa kipindi nimeutaja kwa kuwa mtu hupanga kusikiliza kulingana na safari au kazi aliyo nayo. Ukubwa wa faili nimeutaja kwa ajili ya anayelipia data kwa kipimo. Hesabu yake ni nyepesi: dakika 40 ni sekunde 2,400, na faili iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inatoa kilobiti 153,600, ambazo ukizigawa kwa 8 unapata kilobaiti 19,200, yaani MB 19 hivi. Ukihifadhi kwa kilobiti 128 itakuwa mara mbili yake. Idadi hiyo ni ya faili yako mwenyewe iliyo kwenye ukurasa wa kipindi. Programu nyingine hubana sauti upya kwa namna yake.

Maelekezo ya kusikiliza ndiyo sehemu inayoandikwa kwa haraka kuliko zote, na ndiyo inayopoteza wasikilizaji waliokwisha kushawishika. Kosa la kawaida ni kusema "tupate popote unaposikiliza podikasti", sentensi inayomfaa tu yule ambaye tayari anajua pa kwenda. Mwingine hana programu yoyote, au anayo lakini hajui aandike nini kwenye kisanduku cha kutafutia. Mpe jina kamili la podikasti kama lilivyoandikwa kwenye programu, maana kipindi kipya ambacho hakijatoka hakiwezi kupatikana kwa jina lake; anayetafuta "Hewa ya Chini" leo hatakiona. Kwenye sauti usisome anwani ya tovuti herufi kwa herufi, hakuna atakayeishika. Kwenye kapsheni ya Instagram usibandike kiungo, kwa kuwa hakigusiki hapo. Kwenye ujumbe wa WhatsApp, kinyume chake, kiungo hugusika, basi weka hicho kimoja na uache maelezo ya kutafuta.

Ndiyo maana inafaa urekodi miisho mitatu ya dokezo hilo hilo, huku sehemu ya kwanza ikibaki ile ile. Mwisho wa kwanza ni huo niliouandika, kwa mitandao kabla ya kipindi kutoka. Wa pili ni kwa wale watakaolisikia dokezo ndani ya podikasti yenyewe. Hao wamekwisha kufika, na kuwaambia wafungue programu na kutafuta jina ni kuwaelekeza mahali walipo. Waambie tu: "Kipindi kinaitwa Hewa ya Chini. Kitakuwa hapa hapa Jumatano, tarehe 14." Unapolipakia dokezo huko, lichague kuwa kionjo na si kipindi kamili. Huduma nyingi za kuhifadhi podikasti zina sehemu ya kuchagua hilo, na kwenye mlisho wa RSS hutokea hivi:

```
<itunes:episodeType>trailer</itunes:episodeType>
```

Ukiliacha likiwa `full`, litaorodheshwa kama kipindi cha kawaida, na anayesikiliza kwa mfululizo atakutana na kipindi cha sekunde 45 katikati ya vipindi vya dakika 40.

Mwisho wa tatu ni wa baada ya Jumatano. Video husambaa kwa siku nyingi, na dokezo linalosema "kesho" au "wiki hii" hukosa maana mapema kuliko unavyotarajia. Hata "Jumatano, tarehe 14" humfanya anayeliona tarehe 20 ajiulize kama amechelewa. Rekodi: "Kipindi kinaitwa Hewa ya Chini, na kipo tayari kusikilizwa." Siku kipindi kinapotoka, chapisha video yenye mwisho huo, badilisha mstari wa tarehe kwenye kapsheni ya zamani, na uelekeze kiungo cha wasifu kwenye ukurasa wa kipindi chenyewe badala ya ukurasa wa podikasti nzima, kisha ukiguse mwenyewe kwa simu ambayo haina akaunti yako ili uone kama sauti inaanza bila kuombwa kuingia.